Mechi imeahirishwa, mkeka umebadilika: jinsi ya kuihesabu upya mwenyewe

Jumamosi tarehe 7 Desemba 2024, kama saa tatu usiku, mpwa wangu aliegesha tuktuk mbele ya kibanda changu cha M-Pesa hapa Malindi, akaingia bila hata kuzima taa. Akanilazia simu juu ya kaunta.

"Shikamoo mjomba. Hebu tizama. Mkeka wote umeingia, na bado wamenila."

Ananiletea mimi kwa sababu kabla ya kibanda hiki nilikaa miaka miwili dirishani kwenye kampuni moja ya kubeti, nikipokea madau na matusi kwa zamu. Mamangu hadi leo hapendi nikitaja kazi ile, na sina la kumjibu. Lakini kwenye zile shida nilizozisikia dirishani, nyingi hazikuwa wizi. Mechi haikuchezwa, au ilikatika, au mchezaji alijitoa, na mwenye mkeka hakujua sheria inasemaje. Mwongozo huu ni wa mambo hayo matatu tu.

Hatua ya kwanza: tafuta mechi iliyobadilisha hesabu

Usianze na pesa iliyolipwa. Fungua mkeka wenyewe, uende mechi moja moja. Iliyoshinda ina alama yake, iliyopoteza ina yake, na mara nyingine kuna ya tatu isiyo kijani wala nyekundu. Pembeni yake utaona `Void` au `Cancelled`, na odi yake imegeuka `1.00`. Vijana wa hapa husema "imevoidi". Maana yake ni kwamba dau kwenye mechi hiyo limebatilishwa, kama vile hukuichagua.

Kama ulibeti mechi hiyo peke yake, unarudishiwa dau lako. Kama ilikuwa ndani ya mkeka wa mechi nyingi, hakuna kinachorudi mkononi. Odi yake inakuwa 1.00, na kwa kuwa kuzidisha kwa moja hakuongezi wala hakupunguzi, mkeka unaendelea na mechi zilizobaki.

Mpwa wangu alikuwa na mechi nne, dau la shilingi 200. Odi nimezisawazisha kidogo ili hesabu isitusumbue, na kodi nimeiweka kando:

Liverpool amshinde Everton, 1.60.
Aston Villa amshinde Southampton, 1.25.
Crystal Palace na Manchester City, GG, yaani timu zote mbili zifunge, 1.60.
Brentford na Newcastle, ova 2.5, yaani mabao matatu au zaidi, 1.50.

Ukizidisha zote unapata 4.80. Mara 200 ni shilingi 960. Tena kampuni yake ilitoa bonasi ya asilimia 5 kwa mkeka wa mechi nne na kuendelea, kwa hiyo tangu asubuhi skrini ilikuwa inamwonyesha 1,008. Kichwani alikuwa ameshaipangia.

Matokeo ya siku hiyo: Villa 1–0, Palace na City 2–2, Brentford 4–2. Zote tatu safi. Lakini Everton na Liverpool hawakucheza. Kimbunga Darragh kilikuwa kinapiga Uingereza, na mechi ya Goodison Park iliyopangwa saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu iliahirishwa asubuhi ile ile. Kampuni ikaipa odi 1.00.

Sasa zidisha tena: 1.25 mara 1.60 ni 2.00, mara 1.50 ni 3.00. Mara 200 ni shilingi 600. Na kwa kuwa mechi zinazohesabika ni tatu, bonasi nayo imeondoka. Katika zile 408 anazolia amenyang'anywa, 360 ziliondoka na odi ya Liverpool na 48 ziliondoka na bonasi.

Alitulia, lakini hakuridhika. "Si wangengoja ichezwe? Liverpool angeshinda tu."

Mechi ilichezwa tarehe 12 Februari 2025. Ikaisha 2–2, James Tarkowski akisawazisha dakika za nyongeza. Wangengoja, mkeka wake wote ungechanika.

Hatua ya pili: kama mechi haikuanza, hesabu masaa

Jambo la kuelewa hapa ni kwamba hukubeti "Liverpool na Everton" wakati wowote ule watakapokutana. Ulibeti mechi ya siku fulani na saa fulani, na odi ilipangwa kwa kikosi na hali ya siku hiyo. Kampuni inatoa muda wa kungoja, na ukiisha, dau linabatilishwa. Muda huo hautoki kwa FIFA wala kwa ligi. Kila kampuni inajiwekea wake. Nyingine zinatoa saa 24, nyingine 48, nyingine 72, na ziko zinazosema "mpaka mwisho wa siku inayofuata". Umo ndani ya kanuni zao, mara nyingi chini ya ukurasa kwenye `Terms and Conditions`, na ukifika pale utafute neno `postponed`.

Ukishaupata, anza kuhesabu kutoka saa ambayo mechi ilipangwa kuanza mwanzoni, si saa uliyosikia habari. Tuseme mechi ya Jumamosi saa tisa na nusu alasiri imesogezwa mpaka Jumatatu saa nne usiku. Kwa kampuni ya saa 48, muda umekwisha Jumatatu saa tisa na nusu alasiri, kwa hiyo dau ni batili hata kama mechi itapigwa jioni hiyo hiyo. Kwa kampuni ya saa 72, dau liko hai na matokeo ya Jumatatu yanahesabika. Ndiyo maana watu wawili waliokaa baraza moja na mkeka uleule wanaweza kulipwa tofauti, na hakuna aliyeibiwa.

Mkeka wako ukikaa wazi siku mbili bila kufungwa, usipige simu kwa hasira. Wanangojea muda huo uishe.

Jakpoti ni jambo jingine. Pale huwezi kuzidisha kwa 1.00 kwa sababu hakuna odi; kuna idadi ya mechi ulizopatia. Ziko kampuni zinazofanya droo ya hadhara kuamua matokeo ya mechi iliyoahirishwa, na ziko zinazoweka mechi ya akiba. Usilete kanuni za mkeka wa kawaida kwenye jakpoti, utapotea.

Ushindi wa mezani hauingii kwenye mkeka

Hili ndilo lililoniletea matusi mengi zaidi dirishani. Timu haikufika, au ilikataa kuingia uwanjani, shirikisho likatoa 3–0. Mtu anakuja na mkeka wake: "Wameshinda, nilipe."

Chukua Libya na Nigeria, kufuzu kwa Kombe la Afrika, Oktoba 2024. Ndege ya Nigeria ilielekezwa uwanja wa Al Abraq badala ya Benghazi, wachezaji wakakwama pale usiku kucha, wakaamua kurudi nyumbani bila kucheza. Siku chache baadaye CAF ikaipa Nigeria ushindi wa 3–0 na kuitoza Libya faini. Kwenye msimamo wa kundi Nigeria ilipata pointi tatu. Kwenye mkeka hakukuwa na mechi. Hakuna mpira uliopigwa, hakuna bao lililofungwa, na aliyebeti Nigeria, Libya au ova 2.5 alirudishiwa dau lake kwa odi 1.00. Zile bao tatu ni za karatasi.

Karibu na kwetu kuna Yanga na Simba ya tarehe 8 Machi 2025. Usiku wa kuamkia mechi Simba walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakatangaza hawachezi, na Bodi ya Ligi ikaiahirisha. Kwa wiki kadhaa watu walibishana kama Yanga wapewe pointi. Kwa mwenye mkeka ubishi huo haukuwa na faida yoyote, kwa sababu hata wangepewa, dau la Machi lilikuwa limeshakufa. Mechi ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2–0, na mikeka iliyolipwa ni ile iliyowekwa kwa mechi ya Juni.

Kanuni hii hii inafanya kazi kwa upande wa pili pia. Tarehe 21 Machi 2025 Afrika Kusini waliifunga Lesotho 2–0, kwenye mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia. Mwezi wa Septemba FIFA ikaamua Teboho Mokoena hakustahili kucheza kwa sababu ya kadi, na Lesotho wakapewa 3–0. Aliyebeti Afrika Kusini alikuwa ameshalipwa tangu Machi, na hakuna aliyekuja kumdai arudishe. Mkeka unafungwa kwa kilichoonekana uwanjani filimbi ilipolia. Kinachoamuliwa ofisini baada ya hapo ni cha timu na mashirikisho.

Hatua ya tatu: kama mechi ilianza ikavunjika, uliza swali lako lilikuwa limeshajibiwa au bado

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi hupoteza haki yao bila kujua, au hudai kisicho chao.

Tarehe 16 Desemba 2023 tulikuwa banda la mpira, jua linazama, Bournemouth wanacheza na Luton. Elijah Adebayo akawapa Luton bao mapema, dakika ya tatu. Mapumziko 0–1. Kipindi cha pili Dominic Solanke akasawazisha, 1–1, na muda mfupi tu baadaye nahodha wa Luton, Tom Lockyer, akaanguka peke yake uwanjani, hajaguswa na mtu. Moyo ulikuwa umesimama. Banda zima likanyamaza, hata muuza kahawa akaacha kugonga vikombe. Madaktari walimwokoa, alhamdulillahi, lakini mechi haikuendelea. Ilivunjika ikiwa 1–1, zaidi ya nusu saa ikiwa imebaki.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na watu watano mlangoni, kila mmoja na mkeka wake na dai lake. Kanuni iliyo kwenye kampuni nyingi ni hii: dau ambalo jibu lake lilikuwa limeshapatikana kabla mechi kukatika linafungwa kwa jibu hilo. Dau ambalo jibu lake lilikuwa bado linabatilishwa. Twende mtu mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa na GG. Luton wamefunga, Bournemouth wamefunga. Hata mechi ingeendelea mpaka alfajiri, hakuna kitu ambacho kingeweza kulibadilisha jibu hilo. Amelipwa.

Wa pili alikuwa na ova 1.5. Mabao mawili yameshaingia, na bao likishaingia halitoki. Amelipwa.

Wa tatu, ova 2.5. Mabao mawili tu, la tatu lingeweza kuja na lingeweza lisije. Swali halijajibiwa, amerudishiwa odi 1.00.

Wa nne alikuwa bibi mmoja anayeuza viazi karai, mtu mpole sana, na mkeka wake ulikuwa Bournemouth ashinde. Amerudishiwa. Dabo chansi, yaani kuchagua matokeo mawili kati ya matatu, nayo ingerudishwa, kwa sababu matokeo ya mwisho hayakuwepo, hata kama muda ule ilionekana inaelekea kuingia.

Wa tano ndiye aliyekasirika. Alikuwa na anda 1.5, yaani mabao yasizidi moja. "Mechi imevunjika," akasema, "kwa hiyo kila kitu batili, nirudishie dau langu." Hapana, kaka. Jibu la swali lako lilipatikana Solanke alipofunga. Umepoteza kabla Lockyer hajaanguka. Sheria iliyomlipa mwenye ova 1.5 ndiyo hiyo hiyo iliyokupoteza wewe. Ingekuwa anda 3.5, hapo ungerudishiwa, maana bado ingeweza kuingia na bado ingeweza kuchanika.

Ongeza na haya ili uone upana wake. Dau la kipindi cha kwanza lilifungwa kwa 0–1, kwa sababu kipindi cha kwanza kilikwisha chote. Dau la mfungaji wa kwanza lilifungwa kwa Adebayo: aliyemchagua amelipwa, aliyemchagua mwingine amepoteza. Matokeo kamili ya 1–1 yalibatilishwa, ingawa ubao ulikuwa unasoma hivyo hivyo. Ubao uliosimama njiani si matokeo ya mwisho.

Mechi ilirudiwa tarehe 13 Machi 2024, kutoka dakika ya kwanza. Luton wakaenda mapumziko wakiongoza 3–0, halafu Bournemouth wakageuza na kushinda 4–3. Na kweli, wiki hiyo akaja mtu na mkeka wa Desemba aliouhifadhi kwenye picha za simu, akadai Bournemouth wameshinda. Nilimwonyesha kwamba dau lake lilirudishwa kwenye akaunti tangu Desemba, na yeye mwenyewe alishalicheza tena siku ile ile.

Tahadhari moja. Kama mechi iliyokatika inaendelezwa ndani ya muda wa kampuni, dau linabaki hai. Denmark na Finland, Juni 2021, Christian Eriksen alipoanguka, mechi ilisimama kwa muda mrefu kisha ikamaliziwa usiku ule ule, Finland wakashinda 1–0. Hakukuwa na sababu ya kubatilisha. Kwa hiyo ukiona mechi imesimama, usikimbilie kudai. Tizama kwanza kama imevunjwa au imesimamishwa.

Hatua ya nne: mchezaji akijitoa

Kwenye mpira wa miguu hili linahusu dau la mfungaji. Mchezaji uliyemchagua asipogusa uwanja kabisa, dau ni batili. Akianza benchi akaingia hata dakika ya 88, dau la "afunge wakati wowote" linahesabika, na asipofunga umepoteza. Dau la mfungaji wa kwanza lina ngazi moja zaidi: akiingia baada ya bao la kwanza kufungwa, kampuni nyingi hulibatilisha, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kulifunga. Kuwa makini na mkeka wa mechi moja, ule unaounganisha mfungaji, kona na kadi ndani ya mechi hiyo hiyo. Mchezaji mmoja akikosekana, kampuni nyingine hubatilisha mkeka mzima badala ya kipande kimoja.

Lakini penye shida kubwa ni tenisi. Tenisi ipo usiku na mchana, kwa hiyo vijana waliokosa mpira huangukia huko, na tenisi haina mchezaji wa akiba. Mtu akiumia, mechi imekwisha.

Tenganisha kwanza mambo mawili. Skrini ikiandika `W.O.`, mchezaji amejitoa kabla ya pointi ya kwanza. Hiyo ni kama mechi ambayo haikuchezwa, na dau la mechi ni batili. Nadal alijitoa hivyo Wimbledon mwaka 2022, siku moja kabla ya nusu fainali yake na Kyrgios. Aliyebeti mechi ile alirudishiwa. Ila aliyekuwa amebeti Nadal achukue kombe alipoteza, kwa sababu mashindano yalishaanza na Nadal alishacheza ndani yake.

Skrini ikiandika `Ret.`, mchezaji ameacha katikati. Hapa kampuni zimegawanyika makundi matatu. Ziko zinazohesabu dau tangu pointi ya kwanza, ziko zinazotaka seti moja iwe imekwisha, na ziko zinazotaka mechi yote imalizike, la sivyo batili. Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa uchungu.

Tarehe 18 Agosti 2025, fainali ya Cincinnati, Alcaraz na Sinner. Nilikuwa na Alcaraz. Saa nne usiku na dakika chache nikaketi, na dakika 23 tu Sinner anaongozwa 5–0, anaenda kwenye wavu kumpa mwenzake mkono. Alikuwa mgonjwa. Alcaraz bingwa. Nikawaita watu wa nyumbani waje waone. Nikafungua simu, nakuta nimerudishiwa dau. Rafiki yangu wa Watamu, kwa kampuni nyingine, Alcaraz huyo huyo, amelipwa.

Niliandika ujumbe mkali ambao nisingependa mtu auone. Wakanijibu kwa mstari mmoja wa kanuni yao: seti moja kamili lazima imalizike. 5–0 si seti. Ilikuwa imebaki gemu moja. Rafiki yangu kampuni yake inahesabu tangu pointi ya kwanza. Nilikuwa nimekaa dirishani miaka miwili na kanuni ya kampuni yangu ya sasa sikuwahi kuisoma.

Mwezi mmoja na kidogo kabla ya hapo, Wimbledon, Sinner huyo huyo alikuwa upande wa pili. Dimitrov aliongoza 6–3, 7–5, na seti ya tatu ilikuwa 2–2 alipoumia kifua akaacha. Sinner akapita. Kwa kampuni ya seti moja, mwenye Sinner amelipwa, ingawa Sinner alikuwa anachapwa. Kwa kampuni ya mechi nzima, wote wamerudishiwa. Dau la seti ya kwanza na la pili lilifungwa kwa Dimitrov kwa kila kampuni inayofuata lile swali letu la "limeshajibiwa".

Sasa tizama dau la jumla ya gemu, maana hapa ndipo watu hawadai haki yao. Gemu zilizochezwa zilikuwa 9 seti ya kwanza, 12 ya pili na 4 ya tatu, jumla 25. Ova 24.5 imeingia, hiyo haina ubishi. Vipi ova 28.5? Gemu 29 hazikuchezwa. Lakini fikiri: kutoka 2–2, njia fupi kabisa ya kumaliza mechi ni Dimitrov achukue seti ya tatu 6–2. Seti hiyo ingekuwa gemu 8, na jumla 9 na 12 na 8 ni 29. Hakukuwa na namna ya mechi ile kuisha kabla ya gemu 29. Kampuni ambazo kanuni yao inasema dau hufungwa pale ambapo hakuna mwisho wa kawaida unaoweza kubadilisha jibu, zinalilipa hilo. Ova 29.5, hapana. Hiyo inarudishwa.

Hatua ya tano: ukidai, dai kwa kanuni

Kabla ya kuandika, piga picha ya skrini ya mkeka ukiwa na namba yake, na picha nyingine ya kipengele cha kanuni unachokitegemea. Kanuni hubadilishwa, na inayokuhusu ni ile iliyokuwapo siku ulipoweka dau. Kisha andika mambo manne tu: namba ya mkeka, mechi, kilichotokea kwa saa na dakika, na kipengele. Mpwa wangu nilimwandikia hivi siku nyingine, mechi ya tenisi:

"Mkeka wangu namba fulani. Mechi iliishia mchezaji kujitoa seti ya pili, 7–6, 3–1. Nilibeti ova 9.5 ya gemu kwenye seti ya kwanza, ambayo ilimalizika ikiwa na gemu 13. Kipengele chenu cha kujitoa kinasema masoko yaliyokwisha kuamuliwa yanabaki. Naomba dau hili lifungwe kama lililoshinda badala ya kubatilishwa."

Hakuna tusi, hakuna "mmeniibia". Mtu anayesoma upande wa pili ana ujumbe mia mbili mbele yake, na huo anaweza kuutatua kwa dakika moja. Wasipokujibu kwa maandishi, au wakikujibu kinyume na kanuni yao wenyewe, una haki ya kulipeleka kwa msimamizi wa serikali. Kwa miaka mingi huyo alikuwa BCLB, na Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya mwaka 2025 imeunda mamlaka mpya ya kushika kazi hiyo. Peleka picha zote mbili pamoja na majibu yao. Kama kanuni inasema wao ndio walio sawa, usipoteze nauli.

Ule ujumbe wa tenisi ulijibiwa siku ya pili asubuhi. Walisema mfumo uliifunga mechi yote pamoja kwa makosa, wakamlipa. Mpwa wangu akanitumia mia ya chai kwa M-Pesa, na dakika tano baadaye akanipigia simu: "Mjomba, samahani, kuna mechi ya Mombasa imeahirishwa kwa mvua. Saa 48 naanza kuhesabu wapi?"